Dirisha la Alumini Lisilosimama Kwenye Upepo

Upepo wa kusi unapoanza kuvuma pwani, kati ya Aprili na Mei, wakazi wa ghorofani huanza kuhangaika na madirisha yao ya alumini. Ukilifungua nusu, linarudi lenyewe taratibu. Ukilisukuma mpaka mwisho, upepo unalibamiza hadi kioo kinalia. Basi watu wanatafuta kamba, kipande cha ubao, au kandambili ya kukaba kwenye uwazi. Wengi hudhani bawaba zimekufa, na hapo ndipo pesa zinapoanza kutumika vibaya, kwa sababu dirisha hilo kwa kawaida halina bawaba kabisa.

Lina stei. Fungua dirisha utazame ukingo wa juu na wa chini wa bawa, yaani kile kipande chenye kioo kinachofunguka. Utaona chuma chembamba chenye mikono inayokunjuka, kimoja juu na kingine chini. Reli yake imefungwa kwenye fremu, mikono imefungwa kwenye bawa, na ndani ya reli kuna kiatu kidogo cha shaba au plastiki kinachoteleza unapofungua na kufunga. Msuguano wa kiatu hicho ndani ya reli ndio unaolishika dirisha pale ulipoliacha. Hufanya kazi kama breki ya baiskeli: raba ikiisha au ikilegea, gurudumu halishikiki.

Kwenye stei nyingi kiatu hicho kina skrubu ndogo, na matengenezo ya kwanza ni hapo, tena hayagharimu kitu. Fungua dirisha mpaka kichwa cha skrubu kionekane, ukisukutue vumbi na chumvi kwa mswaki mkavu, kisha izungushe kwa bisibisi upande wa kulia, robo mzunguko tu. Fanya vivyo hivyo kwenye stei ya pili, kwa kipimo kilekile. Ukikaza ya chini peke yake, bawa litashikwa chini na kuachiwa juu, litapinda kidogo kila unapolifunga, na baada ya muda komeo halitaingia vizuri mahali pake. Jaribu, kisha ongeza robo nyingine ikihitajika. Dirisha lililokazwa sawasawa husogea kwa mkono mmoja bila kugugumia, na ukiliacha halirudi.

Hapa kuna kosa ambalo hata mafundi hulifanya: kupuliza mafuta kila mahali. Tone la mafuta mepesi kwenye viungio vya mikono ni jambo jema, lakini ukililowesha kiatu na reli umeondoa msuguano uleule uliokuwa unautafuta. Kama mafuta yameshaingia, yafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kisha pakaushe kabla ya kugusa skrubu.

Kukaza kuna mwisho wake. Ukizungusha skrubu na dirisha lisionyeshe tofauti yoyote, kiatu kimelika. Dirisha likiwa gumu mahali pamoja na jepesi mahali pengine, reli imepinda au imeliwa na kutu. Shika mkono wa stei uutikise: ukicheza kwenye riveti zake, hakuna skrubu itakayouponya. Dalili nyingine ni bawa kushuka na kukwaruza fremu chini upande wa komeo. Mara nyingi hiyo maana yake skrubu zimeng'oka kwenye alumini, na huenda stei yenyewe bado ni nzima. Lakini stei iliyochakaa haikarabatiki. Inabadilishwa, na zinabadilishwa zote mbili pamoja, maana mpya na ya zamani hazitashika kwa nguvu sawa.

Dukani usiende na maneno matupu, nenda na stei ya zamani mkononi. Kinachopimwa ni urefu wa reli, na huuzwa kwa inchi: 8, 10, 12, 16 na kuendelea. Kwa dirisha linalofunguka kwa pembeni lenye upana wa sentimita 60, stei ya inchi 12 ndiyo ya kawaida, kama nusu ya upana wa bawa. Aliyefungiwa inchi 8 kwenye dirisha hilo ili kuokoa senti chache atateseka na upepo tangu siku ya kwanza. Pima pia unene wa stei ikiwa imekunjwa. Zilizoenea ni za milimita 13 na milimita 17, na ukikosea hapo bawa halitafunga au litaacha mwanya wa kupitisha mvua. Mwambie muuzaji kama dirisha linafunguka kwa pembeni au linaning'inia kutoka juu, kwa kuwa stei zake ni tofauti.

Kwa nyumba iliyo karibu na bahari, chukua na sumaku ndogo. Chuma cha pua cha daraja la 304 hakivutwi na sumaku, au huvutwa kwa udhaifu sana, ilhali kile cha bei nafuu cha daraja la 430 hunasa mara moja, nacho hushika kutu mapema kwenye hewa ya chumvi. Skrubu nazo ziwe za chuma cha pua. Za chuma cha kawaida zikikutana na alumini na chumvi, hutafunana, na baada ya muda huzing'oi bila kuzitoboa.

Kubadilisha ni kazi ya watu wawili. Chukua dirisha la upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 120: kioo chake cha milimita 5 peke yake kina kilo 9, na alumini bado. Ghorofani, lifunge bawa kwa kamba imara kwenye kitu kizito ndani ya chumba kabla ya kugusa skrubu yoyote. Mmoja ashike bawa, mwingine afungue skrubu za mikono, chini kwanza kisha juu, halafu liingizeni ndani lote. Stei mpya ikae palepale ilipokuwa ya zamani, ya kulia na ya kushoto kila moja upande wake. Tundu lililolika lisifungwe skrubu ileile. Weka nene zaidi kidogo, au toboa tundu jipya pembeni. Funga skrubu mbili tatu kwanza, rudisha bawa, ulifunge na kutazama kama mwanya ni sawa pande zote. Ukiridhika, maliza zilizobaki.

Bado upepo ni upepo. Ukivuma kilomita 36 kwa saa, dirisha hilo tulilopima husukumwa kwa nguvu ya karibu kilo 4 na nusu, na stei nzuri huweza kuvumilia. Kasi ikifika kilomita 72, nguvu haizidi mara mbili tu, inakuwa mara nne, karibu kilo 18, nayo inasukuma mbali na pale stei inaposhikia. Hakuna kiatu cha shaba kitakachozuia hilo. Anayetaka kuacha dirisha wazi mchana kutwa wakati wa kusi aongeze kishikizo cha kufunga, kama ule mkono wenye matundu na kijiti uliozoeleka kwenye madirisha ya zamani ya chuma. Huo haushiki kwa msuguano: kijiti kikiingia tunduni, dirisha haliendi popote mpaka kijiti kivunjike au tundu lipanuke.

Pasipo kishikizo hicho, upepo ukichafuka, funga dirisha. Na muuzaji akitaka kukuuzia stei moja peke yake, mwambie akupe jozi.