Karatasi ya babu: herufi za Kiarabu, lugha ya nani?

Mama mmoja wa mtaa wa Chang'ombe, hapa Dodoma, alikuwa akipanga sanduku la marehemu babu yake, akakuta karatasi iliyokunjwa mara nne, imejaa herufi za Kiarabu. Akaipiga picha, akaituma kwenye kundi la ukoo. Majibu yakaja mbio. Hirizi hiyo, ichomwe! Mwingine akasema ni hati ya shamba. Binamu akampelekea rafiki yake aliyesomea Kiarabu, naye akajibu: "Juu ni salamu. Huku chini sielewi hata neno."

Jibu hilo lilikuwa na maana kubwa kuliko walivyodhani. Mpwapwa ilikuwa kwenye njia ya misafara ya Bagamoyo na Tabora, na watu wa enzi hizo waliandikiana Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Barua zao nyingi zilifunguliwa kwa salamu za Kiarabu, kisha Kiswahili kikafuata. Anayetazama mistari ya juu tu hudanganyika.

Kwa hiyo tazama katikati. Maneno mengi ya Kiarabu huanza na alifu na lamu, vijiti viwili vilivyosimama pamoja, cha pili kikiungana na herufi inayofuata. Ukiviona kila mstari, huenda ni Kiarabu kweli. Vikiadimika baada ya salamu, shuku Kiswahili. Nukta tatu chini ya herufi, za kuandikia "p" au "ch", nazo ni dalili nzuri, maana Kiarabu hakina sauti hizo. Lakini zisipokuwepo usikate shauri: waandishi wengi waliandika "p", "b" na "mb" kwa herufi ileile moja.

Hakikisha pia picha haijageuka, kwani kamera ya mbele ya baadhi ya simu hugeuza maandishi kama kioo. Mwandiko huu huanzia kulia, hivyo mstari mfupi wa mwisho huacha nafasi kushoto.

Kipimo kilichomaliza ubishi Chang'ombe ni sauti. Mwalimu wa madrasa aliombwa asitafsiri chochote, atamke tu herufi kama zilivyo, kuanzia katikati. Akasoma polepole: "buzi... watanu..." Bibi aliyekuwa akichambua mchicha akainua kichwa. "Mbuzi watano hao!"

Alikuwa sahihi. Mwandishi hakuweka "m", na alama ya "u" ndiyo hiyohiyo aliyoitumia kwa "o". Ndiyo sababu msomaji wa Kiarabu alikwama: aliyatafutia maana ya Kiarabu maneno ya Kiswahili.

Hirizi ikawa barua ya deni. Nani alimdai nani bado hawajui, kwa sababu majina yameangukia kwenye mkunjo. Wamepiga picha nyingine asubuhi, karibu na dirisha, mwanga ukitokea ubavuni, na karatasi yenyewe imerudi sandukuni bila kuchomwa.