Nitumie Pasti Pepa Zenye Majibu

"Mwanangu, vipi? UE imekaribia na Maikro bado inanisumbua. Nasikia wewe ulitoboa kwa pasti pepa. Ulizisomaje? Nitumie zenye majibu."

Ujumbe huo mwanafunzi wa uchumi, mwaka wa kwanza, alimwandikia mwenzake waliyemaliza naye kidato cha sita, ambaye alimtangulia chuoni. Akatumiwa mitihani ya nyuma, majibu hakuna.

Haukuwa uchoyo. Jibu likikaa chini ya swali, kila kitu huonekana rahisi. Mwaka 2006, wanasaikolojia wa Marekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwasomesha wanafunzi makala fupi. Wengine waliirudia kuisoma, wengine wakaifunika na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: walioandika walikumbuka asilimia 56, wale wengine 42. Ndiyo maana kukesha na madesa hudanganya. Usiku ule ule mtu anajiona yuko vizuri kabisa.

Maelekezo aliyopewa yalikuwa haya: funga daftari, weka saa ya mtihani, fanya karatasi nzima. Ukikwama, acha nafasi uendelee. Ukimaliza ndipo ufungue noti, usahihishe, na pembeni mwa kila kosa uandike sababu yake. Asiyejua mada na aliyeijua akakosea hesabu wote hupoteza alama, lakini tiba yao si moja.

Karatasi mojawapo iliuliza hivi: bei ya kilo ya unga imepanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,200, na mauzo yameshuka kutoka kilo 100 hadi 90. Tafuta unyumbufu wa mahitaji. Mauzo yameshuka kwa asilimia 10, bei imepanda kwa asilimia 20, hivyo unyumbufu ni 0.5, tukiacha alama ya kutoa. Mkariri huishia hapo. Mwenzake alimtaka aendelee: mapato ya muuzaji je? Yamepanda kutoka shilingi 100,000 hadi 108,000, kwa kuwa wateja hawakupunguza unga sana. Sasa badili namba mwenyewe, mauzo yashuke hadi kilo 70. Unyumbufu unakuwa 1.5 na mapato yanaporomoka hadi 84,000. Aliyefika hapo hatishiki mtihani ukiacha unga ukaja na nauli ya daladala.

Kuna mahali pasti pepa huangusha watu, nami naona halisemwi vya kutosha: mhadhiri akibadilika. Mwingine hufundisha kukokotoa asilimia kwa kutumia wastani wa namba ya mwanzo na ya mwisho. Kwa njia hiyo, swali lile lile la unga linatoa takriban 0.58, na mwenye 0.5 aliyoikariri atakosa alama. Kwa hiyo kabla ya kuanza, weka karatasi ya zamani kando ya noti za muhula huu, uangalie kanuni gani imeandikwa ubaoni mwaka huu.