Same: Kengele za mnara zipangwe vipi ili fundi alale, mtandao usilale

Saa nane usiku simu ya fundi wa zamu mjini Same inalia. Mnara wa Chome, juu kwenye milima ya Upare, haujibu. Anaamka, anafungua kompyuta, anakuta umesharudi. Ikitokea hivyo mara nne kwa wiki, ya tano hapokei, na hiyo ndiyo huwa ya kweli.

Tuseme mfumo wa Prometheus unaupima mnara huo kila dakika kutoka Same. Kosa la kawaida ni kupiga kengele kipimo kimoja kikikosa jibu. Wengine hurekebisha kwa kusubiri ukimya wa dakika 10 mfululizo. Hapo usumbufu unapungua, lakini mtandao unaokatika dakika nne na kurudi moja, usiku kucha, haukamatwi kamwe, kwa sababu kila ukirudi hesabu inaanza upya.

Dawa ni kuangalia wastani wa nusu saa:

```
- alert: MtandaoUnayumba
  expr: avg_over_time(probe_success[30m]) < 0.7
- alert: BetriInaisha
  expr: betri_volti < 48
  for: 5m
```

Kwa sheria ya kwanza, vipimo 10 kati ya 30 vikikosa jibu, simu inalia, iwe vimefuatana au vimetawanyika. Mnara ukizima kabisa, fundi anajua ndani ya dakika kama 10. Ukipotea dakika mbili, analala zake.

Umeme nao una hesabu yake. Ukikatika, betri zinaubeba mnara, kwa hiyo taarifa hiyo isubiri asubuhi. Cha kumwamsha mtu ni betri kukaribia kuisha.

Betri za risasi za volti 48 kwa kawaida hukatwa zikifika kama volti 43, zisiharibike. Kuweka kengele kwenye 44 ni kuchelewa, maana mwishoni volti hushuka kwa kasi. Kiwango kitokane na safari. Tuseme kupakia jenereta na kupanda mlima usiku wa mvua ni saa tatu. Rekodi za mnara huo zikionyesha kwamba kutoka volti 47 zimebaki saa mbili, na kutoka 48 saa nne, basi jibu ni 48. Betri zikizeeka saa hizo hupungua, hivyo hesabu irudiwe.

Lakini kiungo cha mawasiliano kikikatika, vipimo vya betri haviji tena na sheria ya pili inanyamaza. Hapo ile ya kwanza ndiyo inayomwamsha fundi.

Kabla ya kuziwasha, zijaribiwe kwenye data ya mwezi uliopita: zingelia mara ngapi usiku, na je, kuna kukatika kwa kweli ambako zingekukosa? Kama kupo, kiwango kimelegezwa mno.