Maneno ya Kusema Kabla ya Taa Kuzimwa

Kikundi cha wakazi kikiunganisha vipande vya picha za kale kuwa filamu ya historia ya kijiji, siku ya onyesho la kwanza lazima mtu asimame aseme machache. Dakika tatu zinatosha, mradi aeleze mambo matatu.

La kwanza ni nani alipiga picha hizo na kwa nini. Picha nyingi za wakati wa ukoloni zilipigwa kwa niaba ya serikali au kampuni, ili zionyeshe kazi na mazao. Mara nyingi mchumaji wa chai huonekana mikono na kikapu tu, bila jina.

La pili ni mambo ambayo yatawashangaza watazamaji. Kamera nyingi za zamani zilipiga picha 16 au 18 kwa sekunde. Zikichezwa kwa mwendo wa 24, mtu anayetembea huonekana anakimbia, na watoto hucheka wakidhani wazee walikuwa hivyo. Vilevile, kipande kikiwa kilipigwa bila sauti, msemaji aseme kwamba wimbo au mlio wa kiwanda uliongezwa na waliotengeneza filamu.

La tatu ni yasiyoonekana. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaondoa Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, na familia zao zikapelekwa Gwassi, katika Kaunti ya Homa Bay ya leo. Filamu ikiruka kutoka msitu unaofyekwa hadi chai iliyokomaa, bila neno kuhusu waliohamishwa, kijana atadhani ardhi hii haikuwa na watu. Na huenda wajukuu wao wamekaa ukumbini.

Msemaji anaweza kusema hivi:

“Chamgei, wazee wetu, akina mama na vijana. Picha mtakazoona zilipigwa na wageni, kwa ajili ya watazamaji wa kwao. Wanaotembea haraka hawakuwa na haraka, ni kamera. Nyimbo tumeziongeza sisi. Hamtaona familia zilizopelekwa Gwassi, kwa sababu hatukupata picha zao. Tumeacha skrini nyeusi mahali pao. Ukimtambua mtu, tafadhali usimtaje kwa sauti. Kumbuka sehemu hiyo, kisha uje mezani baada ya filamu.”

Ombi hilo la mwisho lina sababu. Jina likishatajwa ukumbini, wengine hulikubali hata kama si sahihi, na jamaa wanaweza kuumia kumwona marehemu wao ghafla. Mezani, karani aandike dakika ya kipande, jina lililotolewa, na uhusiano wa aliyelitoa. Watu wawili wasiosikilizana wakitaja jina moja, kikundi kiwatafute jamaa na kuwaomba ruhusa kabla ya kuliandika kwenye filamu. Wakitofautiana, nafasi ya jina ibaki wazi.