Maneno Yaliyo Juu ya Pampu

Fungua katalogi ya vifaa vya maji na huenda ukakuta kichwa "Pampu za Maji", kisha chini yake: "Karibu ujionee pampu zetu bora za maji za aina zote." Mnunuzi hajaongezewa kitu. Mhariri ana kipimo chepesi: aweke "viatu" mahali pa "pampu za maji". Sentensi ikibaki sawa, haisemi lolote kuhusu pampu.

Utangulizi mzuri huanzia kaunta, kwa muuzaji anayejua wateja huuliza nini na hurudisha nini. Kwa pampu, kosa la kawaida ni kununua ya kukaa juu ya ardhi kwa kisima kirefu. Injini inanguruma, maji hayaji. Pampu hiyo hutegemea msukumo wa hewa, na kwa kawaida haivuti maji yaliyo chini zaidi ya mita 7; kwenye nyanda za juu, ambako hewa ni nyepesi, hata hizo hazifiki.

Basi utangulizi uandikwe hivi: "Pima kutoka pampu itakapokaa hadi usawa wa maji wakati wa kiangazi. Ikiwa ni chini ya mita 6, pampu ya juu inatosha, nayo ni rahisi kuitengeneza. Ikizidi hapo, chagua ya kuzamishwa."

Usawa wa maji, si kina cha kisima: wengi huvichanganya. Bei na majina ya modeli yabaki kwenye bidhaa zenyewe, maana hubadilika kila shehena mpya inapoingia, na utangulizi haukumbukwi kusahihishwa.