Kuuza Mali ya Kudumu

Tuseme mkamuaji wa alizeti mjini Singida alinunua mashine tarehe 1 Januari 2020 kwa sh. 8,000,000. Uchakavu ni asilimia 10 ya gharama kila mwaka. Tarehe 31 Desemba 2023 aliiuza kwa sh. 4,500,000 taslimu.

Fungua akaunti ya uuzaji wa mashine. Kwanza hamishia humo gharama yote: debiti uuzaji wa mashine, krediti mashine, 8,000,000. Kisha ondoa uchakavu wa miaka minne: debiti limbikizo la uchakavu, krediti uuzaji wa mashine, 3,200,000. Halafu debiti fedha taslimu, krediti uuzaji wa mashine, 4,500,000. Upande wa krediti una 7,700,000, hivyo pengo la 300,000 ni hasara. Lipeleke debiti ya akaunti ya faida na hasara.

Watahiniwa wengi huliacha limbikizo lilipo. Hapo hasara huruka hadi 3,500,000, na mizania hubaki na uchakavu wa mashine isiyokuwepo. Soma pia sera: swali likisema mwaka wa kuuza hautozwi uchakavu, limbikizo ni 2,400,000 na hasara 1,100,000. Wala usiingize 4,500,000 kwenye akaunti ya mauzo. Hiyo ni ya mafuta na mashudu.