Utando Mweupe Mdomoni kwa Watumiaji wa Dawa ya Pumu

Utando mweupe unaojitokeza mdomoni mwa mtu anayetumia dawa ya pumu ya kuvuta husababishwa na fangasi aitwaye Kandida. Fangasi huyu si mgeni. Huishi kinywani mwa watu wengi wenye afya njema bila kuwadhuru, kwa sababu mate, bakteria wengine na kinga ya mwili humzuia asiongezeke. Kizuizi hicho kikilegea, huzaliana na kuanza kuonekana.

Kinachokilegeza kwa wagonjwa wa pumu ni dawa za kundi la steroidi, kama beklometasoni, budesonidi na flutikasoni. Hizi ndizo dawa za kuzuia, zinazotumiwa kila siku hata mtu asipobanwa, kwa kuwa hutuliza uvimbe ndani ya njia za hewa. Salbutamoli, ambayo huvutwa ili kufungua kifua kilichobana, si steroidi na hailaumiwi kwa utando huu. Wagonjwa wengi wana inhela zote mbili, hivyo ni muhimu kujua ipi ni ipi.

Tatizo linatokana na mahali dawa inapotua. Inhela ya kubonyeza hutoa dawa kwa kasi kubwa sana, na mgonjwa anatakiwa kubonyeza na kuvuta pumzi kwa wakati mmoja. Akichelewa kidogo, wingu la dawa hugonga ulimi, kaakaa na nyuma ya koo. Hata anayejitahidi, kwa inhela nyingi za aina hii ni asilimia 10 hadi 20 tu ya dozi inayofika mapafuni, na sehemu kubwa ya iliyobaki hukaa kinywani na kooni. Hapo hupunguza kinga ya eneo hilo, na fangasi hupata nafasi. Hatari huwa kubwa zaidi kwa wanaotumia dozi kubwa, wenye kisukari, wenye meno ya bandia, waliotoka kumeza antibayotiki au steroidi za vidonge, na wenye upungufu wa kinga.

Dalili ya kawaida ni mabaka meupe au ya rangi ya malai, yanayofanana na maziwa yaliyoganda, juu ya ulimi, ndani ya mashavu, kwenye kaakaa au kooni. Yakifutwa taratibu kwa kitambaa safi hubanduka na kuacha pekundu, pengine pakitoka damu kidogo. Baadhi ya wagonjwa hawaoni weupe wowote, bali kinywa huwa chekundu na kuwasha kama kimeungua, chakula hupoteza ladha, au pembe za midomo hupasuka. Baka jeupe lisilobanduka na linalodumu kwa wiki kadhaa ni jambo jingine na linahitaji kuchunguzwa na daktari wa meno. Kukwaruza kwa sauti peke yake pia si ushahidi wa fangasi, maana steroidi inayotua kooni inaweza kuleta hali hiyo bila fangasi kuwepo.

Kinga ya kwanza ni kusukutua mara tu baada ya kuvuta steroidi. Mgonjwa huchukua maji ya kawaida, akayazungusha kinywani, akainua kichwa na kuyachezesha kooni, kisha akatema na kurudia mara moja au mbili. Kutema ndiko kunakosahaulika: anayemeza maji hayo hupeleka dawa tumboni. Njia rahisi ya kujenga mazoea ni kuvuta dawa asubuhi na usiku kabla tu ya kupiga mswaki, ili kusukutua kuwe sehemu ya kazi ileile. Mtoto mdogo asiyeweza kusukutua hupewa maji anywe baada ya dozi, na kama anatumia barakoa, uso wake hupanguswa.

Kinga ya pili ni spesa, yaani chombo cha plastiki kinachowekwa kati ya inhela na mdomo. Dawa hupunguza kasi ndani yake, matone makubwa hunasa kwenye kuta za chombo badala ya koo, na yale madogo ndiyo huvutwa hadi mapafuni. Inhela hutikiswa, ikachomekwa, ikabonyezwa mara moja tu, kisha mgonjwa akavuta taratibu na kuzuia pumzi kwa sekunde 5 hadi 10. Asiyeweza hupumua kawaida ndani ya chombo mara tano. Kama dozi ni mipulizo miwili, hatua zote hurudiwa kwa kila mpulizo, kwa sababu kubonyeza mara mbili mfululizo hufanya dawa nyingi ishikamane na plastiki. Chombo huoshwa kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo na kuachwa kikauke chenyewe. Kukisugua kwa kitambaa hutia chaji ya umeme kwenye plastiki, nayo huvuta dawa isitoke.

Pasipo spesa ya dukani, chupa ya plastiki ya mililita 500 inaweza kusaidia. Kitako chake hutobolewa tundu la umbo la mdomo wa inhela, inhela huchomekwa na pembezoni hufungwa kwa gundi, kisha mgonjwa hupumua kupitia shingo ya chupa. Utafiti wa Cape Town uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa chupa ya namna hiyo iliwapa watoto waliobanwa na pumu nafuu sawa na ya spesa ya kiwandani, ingawa dawa iliyopimwa ilikuwa ya kufungua kifua. Spesa ni ya inhela za kubonyeza tu. Haitumiki kwa inhela za unga. Na hata mwenye spesa huendelea kusukutua.

Utando ukishatokea, kusukutua peke yake mara nyingi hakutoshi. Tiba ya kawaida ni nistatini ya maji, ambayo huzungushwa kinywani kwa muda kabla ya kumezwa, mara nne kwa siku baada ya chakula, na huendelezwa kwa siku mbili baada ya utando kuisha. Jeli ya mikonazoli ni njia nyingine, lakini anayetumia warfarini lazima aseme kwanza, kwani pamoja zinaweza kusababisha kutokwa damu kwa hatari. Vidonge vya flukonazoli huachwa kwa hali kali au iliyokataa dawa za kupaka, navyo pia huingiliana na warfarini.

Mfano wa kawaida ni wa mama wa miaka 52 mwenye meno ya bandia ya juu, anayevuta flutikasoni mipulizo miwili asubuhi na jioni bila spesa. Kaakaa lake lina mabaka yanayobanduka, lakini anameza bila maumivu. Hupewa nistatini, spesa na maelekezo ya kusukutua, na sukari yake hupimwa. Meno ya bandia hutolewa kila usiku, yakasuguliwa na kulowekwa, la sivyo fangasi hurudi kutoka kwenye plastiki hiyo. Flutikasoni haiachwi, kwa kuwa kuiacha kunaweza kuleta shambulio la pumu. Pumu yake ikiwa imetulia kwa miezi mitatu, daktari anaweza kupunguza dozi.

Maumivu wakati wa kumeza, au chakula kuhisi kimekwama kifuani, huashiria kwamba fangasi ameshuka kwenye umio, na hapo dawa za kupaka hazitoshi. Mgonjwa huyo, pamoja na yule ambaye utando unamrudia licha ya kusukutua vizuri au haupungui baada ya wiki moja ya tiba, anahitaji kuonwa na daktari, akapimwa kisukari na virusi vya Ukimwi.